Kimya kwanza, jozi baadaye: mahali pa "fikiri, jozi, shirikisha" katika andalio la somo

Mwaka huu nimepitia maandalio ya somo mengi, ya walimu wa Mtwara na ya jirani zetu wa Lindi, na maneno matatu yamenifuata karibu kila ukurasa: fikiri, jozi, shirikisha, yaani mtoto afikiri peke yake, azungumze na mwenzake mmoja, kisha waliambie darasa zima. Yapo kwenye utangulizi, yapo kwenye maarifa mapya, yapo kwenye kuimarisha, na wakati mwingine yamebanwa hata kwenye hitimisho la dakika tatu. Chanzo chake kinaeleweka. Mtaala ulioboreshwa ulioanza kutumika Januari 2024 unadai mwanafunzi ajengewe umahiri, vikao vya MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, vinahimiza mbinu shirikishi, na mwalimu anayemtarajia mthibiti ubora anajua kwamba safu ya shughuli za ujifunzaji ikisomeka "wanafunzi kusikiliza", maswali yatamwangukia yeye. Basi anaandika fikiri, jozi, shirikisha kama mpishi anayetia chumvi kila anapopita jikoni. Darasani jozi zinapiga kelele dakika tano, mikono ileile sita inanyooka, na mtoto wa pale dirishani aliyekuwa kimya Januari bado yuko kimya Septemba.

Hoja yangu ni kwamba mbinu hii tumeishika kwa upande usio na mpini. Tumeichukua kuwa mbinu ya kuwafanya watoto waongee, wakati msaada wake kwa mtoto mkimya umo katika dakika ya kunyamaza inayotangulia maongezi, na katika namna anavyoitwa kusema baada ya maongezi. Ikitumika kila dakika kumi inakuwa kelele. Ikitumika mara tatu, mahali patatu ambapo mwalimu ameshapachagua akiwa mezani kwake jioni, na kila mara kushirikisha kukifanywa kwa namna yake, nyepesi mwanzoni na nzito mwishoni, inaweza kumfikisha mtoto asiyesema mahali pa kusema mbele ya wenzake sitini kabla kengele haijalia.

Mbinu yenyewe si ya jana. Mwalimu wa walimu wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, Frank Lyman, aliieleza mwaka 1981. Nyuma yake kulikuwa na kazi ya Mary Budd Rowe, mtafiti wa ufundishaji wa sayansi, ambaye miaka ya mwanzo ya 1970 alikaa akisikiliza kanda za vipindi na kupima kitu ambacho hakuna aliyekijali: mwalimu akishauliza swali, anangoja muda gani kabla hajamwita mtu mwingine, kulirudia au kulijibu mwenyewe? Jibu lilikuwa kama sekunde moja. Walimu walipofundishwa kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu yakawa marefu, na watoto ambao hawakuzoea kujibu wakaanza kujitokeza. Anayenyoosha mkono ndani ya sekunde moja ni yule ambaye jibu alikuwa nalo tayari. Wengine hawakukataa kushiriki. Swali liliondoka kabla hawajalifikia. Lyman aliongeza mambo mawili juu ya kungoja huko: kumpa mtoto kazi ya kufanya wakati wa kungoja, na kumpa msikilizaji mmoja kabla ya kumpa wasikilizaji sitini.

Kwa darasa la kwetu, sekunde moja ina mwenzake, nao ni kiitikio. Mwalimu anauliza, "Tumeelewana?" Darasa linajibu, "Ndiyooo!" Mwalimu anaanza sentensi, "Maji yakipata joto yanageuka kuwa mvu…?" Darasa linamalizia, "…ke!" Huko ndiko mtoto mkimya anakojificha vizuri kuliko popote, kwa sababu mdomo wake unafunguka pamoja na wengine na hakuna anayejua kama alisema "mvuke" au "mvua". Kuna na makofi. Anayepatia anapigiwa makofi ya kilo, anayekosea anapata kimya, au kicheko. Mtoto mwenye tahadhari anajifunza hesabu hiyo mapema: ukisema kuna mawili, sifa au aibu, ukinyamaza hakuna kitu. Kwa akili yake anachagua vizuri kabisa. Mbinu yoyote isiyobadilisha hesabu hiyo haitambadilisha yeye, hata tukiiandika kwa wino mwekundu.

Nichukue kipindi kimoja nikifuatilie hatua kwa hatua, maana mjadala huu ukibaki angani hauna faida. Ni kipindi cha sayansi cha dakika 40, madarasa ya kati ya shule ya msingi, mada ikiwa uvukizi kama njia ya kutenganisha chumvi na maji. Nimechagua mada hii kwa kuwa pwani yetu ina mabwawa ya chumvi, na watoto wengi wamewahi kuona maji ya bahari yakifungiwa kwenye jaruba wakati wa kiangazi na kuachwa juani hadi chumvi ibaki. Darasa lina watoto 60, kila dawati limekaliwa na watatu. Siku mbili kabla, mwalimu amemwaga vijiko vinne vya chakula vya maji ya bahari kwenye kisahani kimoja, na vijiko vinne vya maji ya mvua kwenye kingine, akaviacha juani, kisha akavifunika kwa kitambaa. Aliye Newala au Nachingwea, mbali na bahari, atakoroga kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji. Maji ya kisima ayaepuke kwenye kisahani cha pili, kwa kuwa visima vyetu vingi vina madini yanayoacha ukungu mweupe yakikauka, na ukungu huo utavuruga somo zima.

Mahali pa kwanza ni kabla ya kitambaa kuinuliwa, yaani ndani ya utangulizi. Mwalimu anaonyesha chupa mbili, ya maji ya bahari na ya maji ya mvua, kisha anaandika swali ubaoni: "Tukiviacha visahani hivi juani hadi vikauke, tutakuta nini katika kila kimoja?" Dakika moja, kimya, kila mtoto anaandika neno au anachora visahani viwili kwenye daftari. Kuchora nakutaja makusudi, kwa sababu miongoni mwa wakimya wamo ambao kuandika bado kunawatesa, na tukidai maandishi tu tutakuwa tumewafungia mlango uleule tuliosema tunaufungua. Kisha dakika mbili za jozi. Kisha kushirikisha, kwa sharti moja: hakuna anayesema jibu lake, kila anayeitwa anasema mwenzake amewaza nini. "Asha amesema kisahani cha bahari kitakuwa na chumvi, cha mvua hakitakuwa na kitu." Ni kidato cha chini kabisa cha ngazi. Mtoto anayeitwa amebeba mzigo wa mwingine. Jibu likichekwa halichekwi lake. Tena swali ni la kubashiri, na bashiri haina aibu kama jibu la jaribio. Mwalimu asikie jozi nne au tano, asiseme nani amepatia, kisha afunue visahani.

Mahali pa pili ndipo penye kazi, na ndipo maandalio mengi niliyosoma yanaporuka. Kila somo lina mlango wa katikati, pale ambapo asiyeelewa ataendelea kutoelewa hadi mwisho. Katika uvukizi mlango huo ni swali jepesi kwa sura: "Maji yamekwenda wapi?" Mtu mzima analiona la kitoto, lakini watoto wana majibu yao, na majibu yenyewe yana mantiki. Wengine husema kisahani kimeyanywa, kama ardhi inavyokunywa. Wengine husema jua limeyanywa, kwa kuwa ndivyo tunavyosema nyumbani. Na wapo wanaosema maji yamegeuka kuwa chumvi, fikra ambayo ukiitazama kwa macho ya mtoto haina kosa: palikuwa na maji, sasa pana chumvi. Mwalimu anaandika hayo ubaoni pamoja na jibu la nne, kwamba maji yamekuwa mvuke ukaenda hewani, na kuyapa namba moja hadi nne. Dakika moja ya kimya. Kisha, kwa ishara, kila mtoto anaonyesha namba yake kwa vidole, mkono ukiwa umebanwa kifuani ili jirani asiuone. Mwalimu anatupa jicho na kujiwekea alama. Ndipo zije dakika mbili za jozi, na maagizo hayasemi "jadilini" tu, yanasema, "Mshawishi mwenzako kwa kitu unachokiona mezani." Vidole vinaonyeshwa tena.

Katika dakika hizo mbili mwalimu hakai mezani wala hasahihishi madaftari. Anapita upande wa madawati ya nyuma na ya pembeni, anainama, anasikiliza. Anatafuta mtoto mkimya aliyesema kitu chenye uzito, si lazima kiwe sahihi. Nimewahi kukaa nyuma ya darasa la namna hii, shule moja ya Mtwara vijijini, nikamsikia msichana ambaye mwalimu wake alikuwa ameniambia asubuhi kwamba "huyu hasemi", akimnong'oneza mwenzake: "Ingekuwa maji yanageuka chumvi, na kile kingine kingekuwa na chumvi." Ni hoja kamili ya kisayansi, ya kulinganisha, kwa sauti isiyovuka dawati. Mwalimu alimwinamia akamwambia, "Hilo ulilosema sasa hivi, nitakuomba uliseme darasa zima lisikie." Akampa sekunde kama 30 za kujiandaa. Alipoitwa alisimama, akalisema, akitazama kisahani badala ya wenzake. Hicho ndicho kidato cha pili: mtoto anasema lake, lakini anajua mapema ataitwa, na anajua tayari kwamba mwalimu ameliona lina maana. Mchezo wa kushtukiza haupo. Angeitwa ghafla kwa jina, bila taarifa, nina hakika kubwa angeinama tu.

Vidole vya mara ya pili vinamwambia mwalimu aelekee wapi. Mimi hutumia kipimo cha macho: kama zaidi ya theluthi ya darasa bado iko kwenye namba zisizo sahihi, siendelei na mazoezi, narudi kwenye visahani vyote viwili na kuuliza upya. Kama ni wachache, naendelea na kuwafuata wakati wa zoezi. Hapa ndipo mbinu inapoacha kuwa pambo la andalio, maana mwalimu amejua hali ya watoto 60 ndani ya dakika saba, jambo ambalo mikono sita ya mbele haingemwambia mwaka mzima.

Mahali pa tatu ni mwisho wa kuimarisha, kabla ya zoezi la mtu mmoja mmoja. Swali sasa linahamisha walichojifunza kwenda mahali papya: "Bwawa la chumvi limebakiza siku mbili kuvunwa. Usiku mvua kubwa imenyesha. Chumvi itakuwaje, na mwenye bwawa amepoteza nini?" Mtoto aliyeelewa ataona kwamba chumvi itayeyuka tena kwenye maji ya mvua, na kwamba alichopoteza mwenye bwawa ni muda wa jua wa kukausha upya, na huenda chumvi yenyewe kama bwawa litafurika. Kufikiri kuwe dakika mbili hapa, swali ni zito zaidi. Jozi dakika mbili. Kushirikisha kunakuwa kwa kura: majina yameandikwa kwenye vipande vya karatasi ndani ya kopo, linalotoka ndilo linalosema, kwa maneno yake mwenyewe. Hicho ni kidato cha juu, na mtoto anakifikia akiwa amekwisha sema kwa mwenzake mara tatu siku hiyo. Kura inaondoa pia jambo ambalo watoto huliona haraka kuliko sisi: mwalimu na vipenzi vyake.

Jumlisha dakika. Mahali pa kwanza palichukua kama tano, pa pili saba, pa tatu sita. Zimekwenda 18 kati ya 40. Zinabaki 22 za kufunua visahani, kueleza, kuandika muhtasari na kufanya zoezi. Ongeza mahali pa nne na pa tano, kila mahali dakika tano, unabaki na dakika 12, na hapo walimu wa hisabati na sayansi wana haki ya kulalamika. Sababu nyingine ni swali lenyewe. Maswali yanayostahili dakika nzima ya kufikiri hayazidi matatu katika kipindi cha dakika 40. Yanayobaki ni ya kukumbuka, na swali la kukumbuka halihitaji jozi. Ukiwaambia watoto wafikiri kisha wajadiliane wawili wawili jina la makao makuu ya mkoa wa Lindi, aliyejua atamtajia asiyejua ndani ya sekunde mbili, na dakika na nusu iliyobaki itakuwa ya habari za mpira.

Kuna pingamizi nzito kwa haya yote, na ya kwanza ni madawati. "Jozi" ni neno la darasa la watoto 30. Penye watatu kwa dawati, wa katikati anageukia upande mmoja na wa upande wa pili anabaki peke yake, na mara nyingi anayebaki ni yule mkimya tunayemtafuta. Tiba ninayoijua ni ya safu: dawati la mbele linageuka kulitazama la nyuma, na kila mtoto anazungumza na aliye uso kwa uso naye. Madawati mawili yanatoa jozi tatu kamili. Safu ikiwa na madawati matano, la mwisho libaki kundi la watatu. Mazoezi ya kugeuka yafanyike siku moja kabla, kama gwaride, hadi yachukue sekunde kumi. Bila hivyo kila kugeuka kutakula dakika mbili. Kuna faida nyingine: mtoto anayekaa na dada yake wa ukoo au na mbabe wake kila siku anapata mtu mwingine wa kumsikiliza. Madarasa ya watoto 100 na zaidi ni suala jingine. Hapo naona mahali pawili panatosha, pa kwanza na pa kati, kwa kuwa kuwapitia wote kwa masikio hakuwezekani.

Pingamizi ya pili ni kwamba jozi inaweza kumzika mkimya badala ya kumfufua: mwenzake msemaji anaongea dakika zote mbili. Hii ni kweli, na anayeikana hajakaa darasani. Ndiyo maana kuandika kunatangulia. Mtoto mwenye neno lake kwenye karatasi ana kitu cha kuonyesha hata kama hakupata nafasi ya kukieleza. Na ndiyo maana dakika mbili zigawanywe kwa kofi moja la mwalimu: dakika ya kwanza anasema aliye kwenye dawati la mbele, ya pili wa nyuma, anayesikiliza asidakie. Sharti la "sema la mwenzako" linamlazimisha msemaji kumsikiliza mkimya, kwa kuwa akiitwa hana la kusema asipomsikiliza.

Ya tatu ni lugha, na hapa najua nitapishana na wengi. Mtoto wa Tandahimba anayefikiri kwa Kimakonde, au wa Masasi anayefikiri kwa Kimakua au Kiyao, anapoulizwa kwa Kiswahili anafanya kazi mbili, na sekunde moja haimtoshi hata kwa moja. Katika sekondari mzigo unahamia kwenye Kiingereza, na unawaangukia hata wale wasemaji hodari wa shule ya msingi. Wengi wa tunaowaita wakimya kidato cha kwanza walikuwa viranja wa midahalo miezi michache nyuma. Ushauri wangu ni kwamba hatua ya jozi iachwe huru. Wazungumze kwa lugha inayowafikisha kwenye wazo, na kushirikisha kufanywe kwa lugha ya kufundishia, mwalimu akiwa ameandika ubaoni maneno manne au matano watakayoyahitaji: uvukizi, mvuke, chumvi, kuyeyuka. Watakaosema hili linaua lugha ya shule wana hoja ya haki, kwamba lugha hujengwa kwa kutumiwa. Lakini mtoto aliyekaa kimya kipindi kizima hajatumia lugha yoyote. Aliyewaza kwa Kimakonde na kusimama kusema sentensi mbili za Kiswahili ametumia Kiswahili mara mbili zaidi ya jana.

Pingamizi dhaifu kuliko zote ndiyo ninayoisikia zaidi, na huwa inasemwa kwa upole, kama sifa: watoto wa huku ni wapole, ndiyo malezi yao, mtoto mwenye adabu hadakii maneno ya wakubwa. Wengine huongeza kwamba waliorudi kutoka jando na unyago ndio wamefundwa kunyamaza zaidi. Nenda basi ghalani msimu wa korosho ukamwone mtoto huyohuyo amesimama karibu na mzani, akimwambia baba yake kwamba gunia limesomwa vibaya. Nenda uwanjani saa ya mapumziko ukawasikie wakihojiana kama mpira ulivuka mstari. Adabu haijawazuia kusema. Imewafundisha kuchagua mahali pa kusema, na darasa letu, kwa sekunde yake moja na kicheko chake, halijafaulu mtihani huo. Zaidi ya hayo, hoja ya malezi haielezi kwa nini mikono inayonyooka ni ya madawati ya mbele. Malezi hayagawanywi kwa safu za madawati.

Inafaa pia kusema mbinu hii haiwezi nini. Mtoto asiyesikia vizuri ataonekana mkimya, na jozi katika kelele za jozi 29 nyingine itamzidishia tabu. Huyo anahitaji kukaa mbele na kupimwa masikio. Mtoto aliyetoka nyumbani bila kula hatafikiri kwa sababu amepewa dakika. Na palipo na jambo jipya kabisa ambalo haliwezi kubuniwa, kwa mfano alama ya kikemia ya sodiamu, kuwaambia wafikiri ni kuwapotezea muda. Mwalimu aseme tu. Mbinu inadai kitu cha kufikiriwa kiwepo tayari mezani, machoni au kichwani.

Mwalimu atajuaje kama inafanya kazi? Kelele hazimwambii kitu. Masikio yake wakati wa jozi yatamwambia. Jozi zikinyamaza baada ya sekunde 20, swali lilikuwa rahisi mno au gumu mno, na tofauti utaijua kwa kumuuliza mmoja tu: aliyeona rahisi atajibu haraka, aliyeona gumu atatazama chini. Kwa mtoto mkimya hasa, chora ramani ya madawati kwenye karatasi moja na kuweka nukta kila mtoto anaposema mbele ya darasa, kwa vipindi viwili vya kawaida kabla ya kuanza. Siku nilipokaa nyuma ya darasa lile nilihesabu nukta za kipindi cha kwanza, ambacho hakikuwa na mbinu hii: watoto tisa walikuwa wamesema, saba kati yao wa madawati mawili ya mbele. Rudia ramani baada ya wiki tatu. Unachotafuta ni nukta zilizosambaa. Zikiongezeka huku bado ziko palepale mbele, basi umewaongezea wasemaji nafasi ya kusema, na kosa karibu lote litakuwa kwenye kushirikisha: baada ya jozi umeuliza tena, "Nani atatuambia?"

Swali hilo moja linarudisha kila kitu pale pale. Nimeona walimu wanaofanya vizuri dakika ya kimya, wanaogeuza madawati kwa ustadi, kisha wanaomba mikono. Mikono sita inapanda, mtoto wa dirishani anashusha pumzi, amenusurika. Kosa la pili kwa ukubwa ni mwalimu kuongea ndani ya dakika ya kimya: "Fikirini vizuri… kumbukeni tulichosema jana… mmeshapata?" Kila sentensi inakata uzi wa mtoto aliyekuwa ameanza kuushika. Tazama saa ya ukutani au hesabu moyoni hadi 60. Itaonekana ndefu mno kwa mwalimu na fupi kwa mtoto.

Haya yote yana maana kwa wanaokagua maandalio kama ilivyo kwa wanaoyaandika. Neno "jozi" kwenye safu ya shughuli haliambii mkaguzi kitu. Kinachofaa kudaiwa ni swali lenyewe, limeandikwa neno kwa neno, pamoja na dakika zake na namna ya kushirikisha: la mwenzake, kwa taarifa, au kwa kura. Mwalimu mkuu anaweza kulisoma swali hilo na kujua kama linafikirika. Hawezi kujua hivyo kwa kusoma "wanafunzi watajadili wawili wawili kuhusu uvukizi". Maandalio yatapungua maneno, na yatachukua muda zaidi kuandikwa, kwa sababu kutafuta swali la katikati kunamtaka mwalimu ajiulize kwanza wanafunzi wake watakosea wapi. Walimu wenye vipindi sita kwa siku hawataweza kufanya hivyo kwa kila somo, na nisingewadai. Kipindi kimoja kwa wiki, kilichoandikwa hivyo kwa ukamilifu na kutunzwa kwenye faili la shule, kwa shule yenye walimu kumi ni maandalio kumi kila wiki ambayo mwalimu mgeni wa mwakani atayakuta.

Vikao vya MEWAKA vya shule ndipo mahali pa kuanzia. Badala ya saa nzima ya kuelezana maana ya ufundishaji shirikishi, kila mwalimu aje na swali lake moja la katikati pamoja na majibu matatu ya makosa anayoyatarajia. Linasomwa la kwanza, na walimu wenyewe wanakaa kimya dakika moja, kalamu mkononi, kabla ya yeyote kusema neno. Wataona wenyewe ni nani kati yao, watu wazima wenye vyeti, aliyekuwa na mkono juu kabla ya sekunde ya pili, na ni nani ambaye kwa miaka yote ya vikao hajawahi kuulizwa anawaza nini.